Barua ya wazi kwa viongozi wa halmashauri yetu: mradi wa mahema ya dagaa umekufa, tusikilizeni kabla ya kuupeleka mialo mingine

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani na wataalamu wa idara zinazohusika.

Salaam.

Nawaandikia kuhusu mahema ya kukaushia dagaa yaliyosimama mwezi Machi katika mwalo wetu hapa Kigoma. Jina la mwalo na la kikundi sitalitaja. Ninyi mnaufahamu mradi, na msomaji wa mwalo mwingine hahitaji majina ili aelewe kilichotokea.

Tangu mradi usimame yamefanyika mambo mawili. Afisa maendeleo ya jamii aliyekuwa akiusimamia alipewa barua ya kujieleza, kisha akahamishwa kituo. Kijana aliyekuwa zamu ya usiku kwenye mahema aliondolewa, na hadi leo akipita sokoni anaitwa aliyeozesha dagaa. Baada ya hapo jalada likafungwa. Sasa tunasikia kwamba mahema ya aina ileile yatajengwa katika mialo mingine miwili kabla ya mvua za Novemba.

Ninachoomba ni kimoja: kabla ya shilingi moja kutoka kwa ajili ya mahema hayo, itisheni kikao cha mapitio kisicho cha kutafuta mkosaji, na kiendesheni kwa namna ambayo watu watasema yote wanayoyajua. Wako watakaosema huko ni kulea uzembe. Naomba mnivumilie nieleze, maana mimi ni mkunga mstaafu na vikao vya namna hiyo nimevikalia kwa jambo zito kuliko dagaa.

Mama akifariki kwa sababu ya ujauzito au kujifungua, watumishi wa afya hukaa kupitia kifo chake. Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza kwa miaka mingi kwamba mapitio hayo yafanyike bila jina na bila lawama, na wizara yetu ya afya ina mwongozo wake. Jina la marehemu haliandikwi, wala la muuguzi aliyekuwa zamu. Tunachoulizana ni mama alichelewa wapi: kuamua kwenda kituoni, kufika kituoni, au kupata huduma akiwa ameshafika. Ukianza hivyo, unagundua kwamba mama wa kijiji cha ziwani alingoja boti mpaka asubuhi, kwamba damu ya kundi lake haikuwepo, na kwamba simu ya kuita gari la wagonjwa ilipigwa kwa mtu aliyekuwa likizo. Ukianza na swali la nani alikuwa zamu, unapata jina la muuguzi na unaishia hapo. Mama wa wiki ijayo naye atangoja boti.

Wenzetu wa usafiri wa anga waliliona hili mapema zaidi. Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kilichopitishwa mwaka 1951, kinasema lengo la kuchunguza ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kugawa lawama au dhima si kazi ya uchunguzi huo. Polisi na mahakama wanaweza kuendelea na yao, lakini kwa njia nyingine. Rubani aliyenusurika akijua kwamba kila neno lake litageuzwa kuwa shitaka, atasema machache, na ndege nyingine itaanguka kwa sababu ileile.

Nirudi kwenye dagaa. Akina mama wa kikundi walinikabidhi madaftari yao niyasome, nami nilizungumza nao mmoja mmoja, pamoja na yule kijana. Ninayoyaandika hapa hayatoshi kuitwa mapitio, kwa sababu sijawasikia wataalamu wenu wala mtengenezaji wa mahema. Lakini yanatosha kuonyesha ni mambo gani yamebaki yamelala chini ya neno "uzembe".

Mradi ulikuwa na mahema 3. Kila hema ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa nailoni nzito inayopitisha mwanga, ndani kuna vichanja vya wavu, na ukutani kuna matundu: ya chini yanaingiza hewa kavu na ya juu yanatoa hewa yenye unyevu. Feni ndogo za umeme wa jua zinaisukuma hewa. Jua likiwaka, ndani kunakuwa na joto kuliko nje, maji yanatoka kwenye dagaa na hewa inayabeba kwenda nje. Nzi hawaingii, mchanga hauingii, na mnunuzi anapata dagaa safi anayeuzika kwa bei nzuri Dar es Salaam au ng'ambo ya ziwa. Wazo ni zuri, na bado naliamini.

Jaribio lilifanyika mwezi Julai. Julai kwetu ni kiangazi kikavu, jua linawaka kutwa na upepo wa kusini unavuma. Mtaalamu alipanga kilo 200 za dagaa wabichi katika hema moja asubuhi, na kufikia alasiri walikuwa wakavu kiasi kwamba ukimkunja dagaa anakatika. Ripoti ikaandikwa kwamba hema moja linakausha kilo 200 kwa siku, hivyo mahema matatu ni kilo 600. Kwa siku ile, maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa. Lakini namba 600 ikahamishwa kutoka kwenye ripoti ikaingia kwenye mpango wa biashara, kutoka mpango wa biashara ikaingia kwenye makubaliano na wenye mitumbwi, na kila ilipohama iliacha nyuma neno "Julai".

Ujenzi ulitarajiwa kukamilika Septemba. Fedha zilichelewa, mahema yakakamilika mwishoni mwa Novemba, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Hakuna aliyeamua kwamba mradi uanze masika. Ulijikuta umeanza masika. Hapa ndipo swali la "nani" linapokosa jibu, kwa kuwa kila mtu katika mnyororo huo alifanya lake kwa utaratibu wake: mhasibu alingoja fedha, fundi alingoja malipo ya awali, kikundi kikangoja fundi. Kilichokosekana ni mahali ambapo mtu angetakiwa kusimama na kuuliza, je, tarehe iliyosogea imebadilisha kitu kingine chochote?

Ilikuwa imebadilisha. Tupige hesabu kwa utaratibu. Dagaa mbichi ni maji kwa sehemu kubwa; kwa kawaida kilo 4 za wabichi zinatoa kama kilo 1 ya wakavu. Hema lenye kilo 200 linatakiwa kuondoa takribani lita 150 za maji. Julai hilo lilichukua siku moja. Desemba, kwenye mawingu na hewa nzito, daftari la kikundi linaonyesha shehena moja ikikaa siku 2, mara nyingine 3, ndipo ikauke. Maana yake mahema 3 hayakuweza tena kupokea kilo 600 kila siku, bali kati ya 200 na 300. Makubaliano na wenye mitumbwi yaliendelea kusema 600.

Mnajua uvuvi wa dagaa unavyokwenda. Wavuvi hutoka usiku wa giza na taa zao, na mbalamwezi ikiwa kali kazi hupungua au hulala kabisa. Kwa hiyo dagaa hawaji kidogo kidogo mwezi mzima, wanakuja kwa kishindo siku za giza, asubuhi baada ya asubuhi. Giza la kwanza la Desemba liliangukia wiki ya mvua. Asubuhi ya kwanza mahema yalijaa. Asubuhi ya pili mitumbwi ilirudi na dagaa wengine wakati wa jana bado wana maji. Akina mama walikuwa wameahidi kupokea, na mwenye mtumbwi akikataliwa leo, kesho anampelekea mchuuzi mwingine. Wakaongeza dagaa juu ya dagaa. Tabaka lililotakiwa kuwa jembamba likawa nene, la chini likakosa hewa, na feni zinazotegemea jua zikawa zinazunguka polepole chini ya wingu.

Sasa nifike kwa kijana wa zamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba mzigo wote huu.

Anashutumiwa kwamba alifunga matundu ya mahema usiku kucha na kuyaacha yamefungwa hadi saa 3 asubuhi. Ni kweli aliyafunga. Hewa yenye unyevu ikakosa pa kutokea, ikagota kwenye nailoni iliyopoa, ikageuka matone na kudondokea dagaa. Asubuhi walikuwa na utelezi na harufu. Ukiishia hapo, kesi imekwisha.

Nilimuuliza aliona nini usiku ule. Akasema mvua ilianza kama saa 6, ikija na upepo wa kutoka ziwani, na maji yakaingia kupitia matundu ya chini hadi kwenye vichanja. Nilimuuliza alikuwa anategemea nini. Akasema alitegemea karatasi. Nilikwenda kuiona. Bado imebandikwa ndani ya mlango wa hema la pili, imewekewa nailoni isilowe, na mstari wa nne unasema: "Funga matundu yote mvua ikianza." Hakuna mstari unaosema yafunguliwe lini. Karatasi iliandikwa wakati wa jaribio la Julai, ambapo mvua ilifikiriwa kama manyunyu ya nusu saa ambayo mtu angeyakuta yamepita. Usiku ule mvua ilinyesha mpaka alfajiri na manyunyu yakaendelea. Kwa mujibu wa maelekezo aliyopewa, wakati wa kufungua ulikuwa bado haujafika.

Kuna kipimo ambacho wachunguzi wa ajali hukitumia, nami nawaomba mkitumie. Mwondoe huyo mtu, weka mwingine mwenye ujuzi uleule, mpe karatasi ileile, usiku uleule, mvua ileile. Je, angefanya tofauti? Kama wengi wangefanya alichofanya yeye, basi kumwondoa hakujarekebisha kitu, kwa sababu atakayeshika zamu yake ataikuta karatasi ileile mlangoni. Nimewauliza akina mama watatu wa kikundi, kila mmoja peke yake, wangefanya nini usiku ule. Wote walisema wangefunga.

Liko jambo jingine lililoniuma zaidi, nalo halijatajwa katika kikao chochote. Siku kadhaa kabla ya hasara kubwa, mama mmoja mwenye uzoefu mkubwa wa kuanika dagaa alisema wazi kwamba hawa hawakauki. Alimwambia katibu. Katibu alitaka kuripoti, akafungua fomu ya wiki inayotumwa ofisini kwa simu. Fomu ina nafasi ya kilo zilizoingia, ya idadi ya wanachama waliohudhuria, na ya makusanyo. Haina nafasi ya kilo zilizotoka kavu wala ya maoni. Akajaza kilo zilizoingia, na kwa kuwa wiki ile ilikuwa ya giza, namba ilikuwa kubwa kuliko zote. Ofisini ikasomeka kama mafanikio. Afisa maendeleo aliyepewa barua ya kujieleza alikuwa akipokea, wiki baada ya wiki, taarifa kwamba mradi unapaa. Wakati huohuo dagaa walikuwa wakiota ukungu, wanunuzi wakawakataa, na mzigo mwingi ukaenda kuuzwa kama chakula cha kuku kwa bei isiyorudisha hata gharama ya kununulia. Januari upepo ukachana nailoni ya hema moja. Deni la wenye mitumbwi likakua, na Machi kikundi kikaacha.

Hebu tazameni yale mahema mapya ya mialo miwili kwa macho haya. Afisa mwingine, kijana mwingine wa zamu, lakini namba ileile ya Julai, fomu ileile, karatasi ileile mlangoni, na tarehe ya kuanza ni ileile ya Novemba.

Niwaeleze basi ninavyoomba kikao kiendeshwe, kwa kuwa mapitio ya aina hii yakiendeshwa vibaya yanageuka kesi ya hadharani, na hapo ni heri yasifanyike.

Kwanza inahitajika barua ya Mkurugenzi, isomwe mbele ya wote kabla ya mtu kufungua kinywa. Iseme kwamba yatakayosemwa katika mapitio hayatatumika kumchukulia mtu hatua za kinidhamu. Na iseme pia, kwa uwazi uleule, kisichohusika: wizi, risiti za kughushi, rushwa na kuharibu kwa makusudi. Mambo hayo yana njia zake, yana wakaguzi na TAKUKURU, na ushahidi wake hutafutwa huko, hauvuliwi kutoka kinywani mwa mama aliyeahidiwa usalama. Dalili ya wizi ikijitokeza katikati ya mazungumzo, mwendeshaji asimamishe sehemu hiyo, aseme inapelekwa kunakohusika, na kikao kiendelee na mengine. Ahadi isiyo na mpaka hamtaweza kuitimiza, na ikivunjwa mara moja, hakuna mapitio mengine yatakayopata ukweli katika wilaya hii.

Mwendeshaji asiwe mtu ambaye yeyote kati ya waliopo anaripoti kwake. Anaweza kutoka idara nyingine, au hospitalini, ambako kazi hii inafahamika. Na hapa naomba msinielewe vibaya, waheshimiwa: kikao cha kwanza mkiache. Mkuu wa Wilaya akikaa meza ya mbele, akina mama watasimama, watashukuru kwa mradi, watasema changamoto ni ndogondogo na zinashughulikiwa. Nimeyaona hayo tangu nikiwa msichana. Njooni kikao cha pili, mje kama wahusika wenye maamuzi yenu ya kueleza, kwa mfano kwa nini fedha za Septemba zilifika Novemba, na mketi kwenye viti vilevile wanavyoketi wengine.

Kazi yenyewe inaanza na karatasi kabla ya maneno. Kusanyeni daftari la mapokezi, risiti, ripoti ya jaribio, makubaliano na wenye mitumbwi, ujumbe wa simu, kalenda ya mwezi wa angani na kumbukumbu za mvua. Bandikeni manila ukutani, mchore mstari wa siku kuanzia Julai hadi Machi. Juu ya mstari andikeni kilichotokea. Chini yake andikeni kile ambacho watu walikijua siku hiyo, na hapa pawe na ukali. Sisi leo tunajua kwamba dagaa walioza, na kwa kuwa tunajua mwisho, kila hatua ya nyuma inaonekana ya kijinga. Aliyekuwepo tarehe ile hakujua mwisho. Mtu akisema "walipaswa kujua", mwendeshaji amuulize: wangejulia wapi, kwa karatasi ipi, kwa kuambiwa na nani? Kama hakuna jibu, hilo ndilo pengo lililotafutwa, liandikwe.

Maswali yaulizwe kwa namna ambayo mtu anaweza kuyajibu bila kujitetea. "Kwa nini hukufungua matundu?" ni shitaka hata likiulizwa kwa sauti ya upole, na jibu lake ni kisingizio au kimya. "Ulikuwa unaona nini, ulifikiri nini kitafuata, na ungehitaji nini ili ufanye vingine?" linaleta mvua ya saa 6 na karatasi ya mlangoni. Katika maandishi watu watajwe kwa kazi zao. Hata hivyo tusijidanganye: mwalo wetu ni mdogo, ukiandika "mtu wa zamu" kila mmoja anajua ni nani. Kwa hiyo rasimu ya taarifa waisome kwanza wale wanaotajwa ndani yake, na wawe na haki ya kusahihisha, kabla haijafika ofisi yoyote.

Kuhusu matokeo, naomba kanuni moja tu: neno "uzembe" lisikubaliwe kama sababu. Likitajwa, mwendeshaji aulize liligeuzwaje kuwa dagaa walioharibika, hatua kwa hatua. Wala msitafute chanzo kimoja. Katika mradi huu jaribio la msimu mmoja lisingeua mradi peke yake, wala kuchelewa kwa fedha peke yake, wala fomu, wala karatasi. Yalikutana wiki moja ya giza yenye mvua.

Mapendekezo nayo yapimwe. Ninahofia ile orodha tuliyoizoea: wanachama wapewe elimu, usimamizi uimarishwe, wahusika wawe makini zaidi. Hayo yote yanamwachia mtu yuleyule kazi ya kukumbuka saa 6 za usiku. Pendekezo lenye nguvu ni lile linalofanya kazi hata mtu akichoka au akisahau. Kwa ninavyoona mimi, yako machache. Matundu ya chini yatengenezewe kofia au kipaa kinachozuia mvua ya upepo, ili yasihitaji kufungwa kabisa. Makubaliano na wenye mitumbwi yaseme kikundi kinapokea kulingana na nafasi iliyopo kwenye vichanja asubuhi hiyo, na kiwango cha masika kiandikwe tofauti na cha kiangazi. Fomu ya wiki iongezwe kilo zilizotoka kavu. Kwa kilo 600 zilizoingia zinatarajiwa kama 150 za wakavu, na zikitoka 60 ofisi inajua wiki hiyohiyo, hata kabla mtu hajalalamika. Na hema lolote jipya lijaribiwe wakati wa mvua, likiwa moja, kabla ya kulipia mengine. Kila pendekezo liwe na mwenye kulitekeleza na tarehe. Yakizidi matano, jueni hayatatekelezwa.

Deni la wenye mitumbwi halifutwi na mapitio, wala sitaki mtu afikiri naomba hilo. Watu walitoa mali yao kwa mkopo na wanastahili kulipwa. Mkae na kikundi mpange namna. Wala siombi afisa aliyehamishwa arudishwe kwa shinikizo la barua yangu. Naomba aitwe kwenye kikao, alipiwe nauli, na aambiwe kwamba barua yake ya kujieleza imesimamishwa mpaka taarifa itoke. Yeye peke yake ndiye anayejua ni nini kilizungumzwa ofisini tarehe ya kuanza iliposogea, na hivi sasa hana sababu hata moja ya kulisema. Kijana wa zamu naye aitwe kwa heshima, na kikundi kiombwe kuacha kumwita jina lile.

Kama mtakubali, kazi hii haizidi siku mbili za kikao, baada ya wiki moja ya kukusanya karatasi. Tuko ndani ya muda. Kumbukumbu za watu bado ni mbichi, madaftari yapo, na ile karatasi ya hema la pili haijaondolewa. Nimewaomba akina mama wasiibandue mpaka mtu wenu aje aipige picha. Mikataba ya mahema mapya, kwa taarifa tulizonazo, bado haijasainiwa. Ningeomba isisainiwe hadi taarifa ya mapitio iwe imesomwa kwenye kamati ya fedha na kwenye mialo yote miwili inayosubiri.

Wenu katika kujenga wilaya,

Mkunga mstaafu, mkazi wa mwambao wa Tanganyika, Kigoma